SOMO LA USHIRIKA: KUKISIA GHARAMA KAMILI ZA MFUMO WA KOMPYUTA KWA MIAKA MITANO

Vyama vikuu vya ushirika siku hizi hupokea barua nyingi za wauzaji wa mifumo ya kompyuta. Mfumo unaouzwa zaidi ni ule unaojulikana sokoni kwa herufi ERP. Huo ni mfumo mmoja unaounganisha kazi zilizokuwa zikiandikwa katika vitabu mbalimbali: daftari la wanachama, stakabadhi za kupokelea mazao, kitabu cha stoo ya pembejeo, orodha za malipo ya wakulima, mishahara ya watumishi na leja kuu. Karani akiingiza kilo za kahawa zilizopokelewa, stoo huongezeka, deni la chama kwa mkulima huandikwa, na leja husahihishwa papo hapo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna anayepinga kwamba daftari zuri lina faida. Lakini daftari lenyewe pia hugharimu mali. Makusudi ya somo hili ni kuwaonyesha makatibu na wanachama namna ya kukisia gharama yote ya mfumo wa namna hiyo, tangu siku mkataba unapotiwa sahihi hadi siku chama kinapoacha kuutumia.

1. Bei na gharama ni vitu viwili

Bei ni fedha anayoidai muuzaji katika barua yake. Gharama ni fedha yote itakayotoka katika mfuko wa chama kwa sababu ya mfumo huo, iwe inakwenda kwa muuzaji, kwa kampuni ya simu, kwa mwenye gari lililowaleta makatibu mafunzoni, au kwa mtumishi aliyeajiriwa kuusimamia. Aliyewahi kununua lori anaijua tofauti hiyo. Bei ya lori hulipwa mara moja, lakini mafuta, matairi, bima, dereva na fundi hulipwa muda wote ambao lori lingali barabarani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuchagua muda wa makisio. Mwaka mmoja ni mfupi mno, kwa kuwa hauonyeshi yale yanayorudi kila mwaka. Miaka kumi ni mirefu mno, kwa kuwa vifaa na mifumo hubadilika kabla ya hapo. Miaka mitano hufaa kwa vyama vingi, mradi mifumo yote inayolinganishwa ipimwe kwa muda huo huo.

2. Barua ya muuzaji

Chukuliwe mfano wa Chama Kikuu cha wakulima wa kahawa chenye vyama vya msingi 20 na wanachama 9,000. Watakaotumia mfumo ni watu 30, yaani watumishi 10 wa makao makuu na makatibu 20 wa vyama vya msingi. Tarakimu za mfano huu ni za kufundishia tu, na kila chama hakina budi kuweka zake.

Muuzaji ameandika kwamba leseni ni dola 30 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, na kwamba kufunga mfumo ni Sh. 60,000,000. Kwa watu 30 leseni ya mwaka ni dola 10,800. Dola moja ikiwa Sh. 2,600, hizo ni Sh. 28,080,000. Wajumbe wa Bodi hujumlisha, wakapata Sh. 88,080,000, na tarakimu hiyo ndiyo inayopelekwa katika Mkutano Mkuu. Sehemu zinazofuata zitaonyesha inakofikia.

3. Leseni

Leseni ni ruhusa ya kutumia mfumo, nayo huja kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya kulipia kila mwezi au kila mwaka, kama katika mfano huu. Chama kikiacha kulipa, mlango hufungwa. Namna ya pili ni ya kununua mara moja, lakini hiyo nayo huambatana na ada ya matengenezo ya kila mwaka, ambayo mara nyingi huwa karibu asilimia 20 ya bei ya leseni. Kwa kiwango hicho, katika miaka mitano chama huwa kimelipa bei ile ile mara ya pili.

Katika mfano, leseni ya miaka mitano ni Sh. 140,400,000. Lakini yapo mambo mawili ya kutazamwa. La kwanza ni kwamba bei imetajwa kwa dola, na wakulima hulipa kwa shilingi. Dola ikipanda kutoka Sh. 2,600 hadi Sh. 2,900, leseni ya mwaka huongezeka kwa Sh. 3,240,000 bila ya chama kupata huduma yoyote zaidi. La pili ni kodi. Barua nyingi hutaja bei kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Tena, muuzaji aliye nje ya nchi huweza kutaka apokee fedha kamili, ili kodi ya zuio ibebwe na chama. Katibu aulize kwa maandishi kama bei imejumuisha kodi zote, na ni nani anayezibeba. Katika mfano huu bei zichukuliwe kuwa na kodi ndani yake.

Liko pia jaribu la kupunguza leseni kwa kuwapa makatibu wawili au watatu nenosiri moja. Fedha huokolewa, lakini mfumo huandika kila badiliko kwa jina la mwenye nenosiri. Siku kilo 400 zitakapoonekana zimefutwa katika hesabu ya mkulima, mkaguzi hataweza kujua ni mkono wa nani uliozifuta. Akiba hiyo huondoa sababu mojawapo kubwa ya kununua mfumo.

4. Washauri

Fungu hili ndilo lenye kupotosha makisio kuliko mengine. Washauri ni wataalamu wanaoupanga mfumo ufuate kazi za chama. Bei yao halisi ni idadi ya siku za kazi mara malipo ya siku moja. Sh. 60,000,000 za barua ile, kwa Sh. 500,000 kwa siku, ni siku 120. Swali la katibu liwe hili: siku hizo 120 zinafanya kazi zipi, na zipi haziko ndani yake?

Tuseme jibu ni kwamba siku hizo ni za kupanga leja, manunuzi, stoo na malipo. Mawili yameachwa nje. La kwanza ni kuhamisha kumbukumbu. Daftari la wanachama 9,000 lina majina yaliyoandikwa mara mbili, waliofariki ambao warithi wao hawajaandikwa, na namba za simu zisizotumika. Mashine haiwezi kuyasahihisha hayo, ni lazima karani akae na katibu wa chama cha msingi. Karani mmoja akisafisha majina 60 kwa siku, kazi yote ni siku 150. Kwa Sh. 25,000 kwa siku ni Sh. 3,750,000. Kisha mtaalamu huhitaji siku 15 za kuyaingiza na kuyahakiki, yaani Sh. 7,500,000.

La pili ni marekebisho. Mifumo mingi ilitungwa kwa duka au kiwanda kinachonunua bidhaa kwa bei moja na kulipa mara moja. Ushirika wa kahawa hupokea mazao, hutoa malipo ya awali, hukata deni la pembejeo, huuza mnadani, kisha hulipa malipo ya pili kwa kilo zile zile. Kuufundisha mfumo utaratibu huo, pamoja na kuchapa stakabadhi ya chama, kukisiwe kwa siku 40, yaani Sh. 20,000,000. Jumla ya washauri sasa ni Sh. 91,250,000, si Sh. 60,000,000.

Marekebisho hayana budi kuogopwa, maana hugharimu mara mbili: mara ya kwanza yanapotengenezwa, na tena kila mfumo unapopata toleo jipya, kwa kuwa lazima yajaribiwe upya. Mfano unaojulikana ni wa Baraza la Jiji la Birmingham, Uingereza. Mwezi Aprili 2022 baraza hilo lilianza kutumia mfumo wa Oracle mahali pa mfumo wa zamani. Makisio ya mwanzo yalikuwa karibu pauni milioni 19. Badala ya kufuata utaratibu wa mfumo kama ulivyo, baraza liliufanyia marekebisho mengi, mojawapo likiwa katika sehemu ya kusuluhisha hesabu za benki. Sehemu hiyo haikufanya kazi ipasavyo, na hesabu za baraza zikawa hazitegemeki. Mwaka 2023 ilielezwa kwamba gharama huenda zikafikia karibu pauni milioni 100. Ikiwa baraza la jiji kubwa lenye wahasibu wengi lilipatwa na hayo, Chama Kikuu chenye mhasibu mmoja na makarani wawili kina sababu zaidi ya kutahadhari.

Kanuni inayofaa ni hii. Kila rekebisho linaloombwa liandikwe katika karatasi, na mbele yake iandikwe sababu. Likiwa linatakiwa na sheria, masharti ya chama au namna mkulima anavyolipwa, lifanywe. Likiwa linatakiwa kwa sababu fomu ya zamani ilikuwa na safu nne na mpya ina tano, ibadilishwe fomu.

5. Vifaa, mtandao na mahali pa kuuweka mfumo

Mfumo hukaa katika seva. Katika mfano huu seva ni ya muuzaji, na kodi yake imo ndani ya leseni. Mahali pengine chama hukodi seva yake, na hapo gharama hiyo haina budi kuandikwa peke yake pamoja na ile ya nakala za akiba. Popote seva ilipo, Bodi iulize iko nchi gani, kwa kuwa majina na hesabu za wanachama ni taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Seva ya mbali haiondoi haja ya vifaa vya karibu. Kila chama cha msingi kitahitaji kompyuta, printa ndogo, na betri au umeme wa jua wa kuvuka saa za giza. Vifaa hivyo vikisiwe Sh. 2,000,000 kwa chama, yaani Sh. 40,000,000 kwa vyote 20. Kwa kuwa vifaa hupata vumbi, unyevu na radi, nusu yake ikisiwe kununuliwa upya katika mwaka wa nne, yaani Sh. 20,000,000 zaidi. Intaneti ya Sh. 50,000 kwa mwezi kwa kila chama ni Sh. 12,000,000 kwa mwaka, na Sh. 60,000,000 kwa miaka mitano. Fungu hili ambalo barua ya muuzaji haikulitaja hata kwa neno moja limefika Sh. 120,000,000.

6. Mafunzo

Barua nyingi husema kwamba mafunzo yamejumuishwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba mwalimu amejumuishwa. Nauli, posho, chakula na malazi ya wanaofundishwa hubaki juu ya chama. Katika mfano, watu 30 kwa siku tano, kwa Sh. 40,000 kwa kila mtu kwa siku, ni Sh. 6,000,000. Mwalimu akiwa hakujumuishwa, siku zake 10 ni Sh. 5,000,000. Mwaka wa kwanza basi ni Sh. 11,000,000.

Kosa la kawaida ni kuishia hapo. Makatibu hubadilika, kwani wengine hustaafu na wengine hushindwa katika uchaguzi. Ikiwa sita kati ya 30 hubadilika kila mwaka, sita hao lazima wafundishwe tangu mwanzo, na wote 30 wahitaji siku mbili za kukumbushwa kabla ya msimu. Jumla yake, pamoja na siku tatu za mwalimu, ikisiwe Sh. 5,100,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni Sh. 20,400,000, na fungu zima la mafunzo ni Sh. 31,400,000.

Fungu hili ndilo linalokatwa kwanza fedha inapopungua, na matokeo yake huonekana haraka. Katibu mpya asiyefundishwa huandika mapokezi kwenye daftari la karatasi, akikusudia kuyaingiza mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki huwa mwisho wa mwezi. Chama huanza kuwa na hesabu mbili zisizokubaliana, na huku kinalipia leseni kamili.

Gharama nyingine ndogo iwekwe hapa. Katika miezi mitatu ya kwanza vitabu vya zamani na mfumo mpya havina budi kuendeshwa pamoja, ili zilinganishwe. Kazi hiyo ya ziada kwa makatibu 20, kwa posho ya Sh. 100,000 kwa mwezi, ni Sh. 6,000,000.

7. Msaada wa kila siku

Baada ya washauri kuondoka, maswali hubaki. Kwa nini malipo ya mkulima huyu hayakuchapwa? Kwa nini stoo inaonyesha mifuko pungufu? Mwenye kujibu ni mmoja wa wawili: mtumishi wa chama au mtaalamu wa nje, na chama chahitaji wote wawili. Msimamizi wa mfumo aliyeajiriwa kwa Sh. 1,300,000 kwa mwezi pamoja na michango hugharimu Sh. 15,600,000 kwa mwaka, na Sh. 78,000,000 kwa miaka mitano. Mkataba wa msaada na mtaalamu wa nje, kwa Sh. 12,000,000 kwa mwaka kuanzia mwaka wa pili, ni Sh. 48,000,000. Fungu hili ni Sh. 126,000,000.

Mkataba wa msaada usomwe kwa makini katika jambo moja: saa ya kujibu. Ahadi ya kujibu ndani ya siku tatu hufaa mwezi Machi, lakini haifai wiki ya malipo, wakati wakulima wamekaa nje ya ofisi tangu alfajiri.

8. Kujumlisha, na kugawa kwa kilo

Yabaki mafungu mawili. La kwanza ni akiba ya dharura, ambayo ikadiriwe asilimia 20 ya fungu la washauri, kwa kuwa hilo ndilo lisilotabirika: Sh. 18,250,000. La pili ni gharama ya kuachana na mfumo, yaani kutoa kumbukumbu zote na kuzipeleka kwingine: siku 10 za mtaalamu, Sh. 5,000,000. Sasa hesabu ya miaka mitano ni hii:

Leseni: Sh. 140,400,000
Washauri: Sh. 91,250,000
Vifaa na mtandao: Sh. 120,000,000
Mafunzo: Sh. 31,400,000
Kuendesha vitabu viwili: Sh. 6,000,000
Msaada: Sh. 126,000,000
Akiba ya dharura: Sh. 18,250,000
Kuachana na mfumo: Sh. 5,000,000
JUMLA: Sh. 538,300,000

Tarakimu iliyopelekwa mkutanoni ilikuwa Sh. 88,080,000. Gharama kamili ni zaidi ya mara sita.

Jumla hiyo haitoshi peke yake, kwa kuwa mwanachama hawezi kuipima. Igawanywe kwa miaka mitano, na kila mwaka ni Sh. 107,660,000. Kisha igawanywe kwa mazao. Chama kikikusanya kilo 1,500,000 kwa mwaka, mfumo unagharimu karibu Sh. 72 kwa kila kilo. Hapo mkulima anaweza kuuliza kama mfumo utamrudishia Sh. 72, kwa kupunguza upotevu wa mazao, kuharakisha malipo au kupunguza makato yasiyoelezeka.

Lakini mibuni haizai sawa kila mwaka. Msimu mbaya ukileta kilo 900,000 tu, leseni haipungui, mshahara wa msimamizi haupungui, na mzigo hupanda hadi karibu Sh. 120 kwa kilo. Gharama ya mfumo haifuati mavuno, nayo huuma zaidi katika mwaka ambao mkulima ana kidogo. Kwa hiyo Bodi isipime uwezo wa chama kwa mwaka mwema, bali kwa mwaka mbaya.

Jambo jingine ni mpangilio wa malipo. Katika mfano huu mwaka wa kwanza huchukua Sh. 222,180,000. Kila mwaka unaofuata huchukua Sh. 72,780,000, mbali na vifaa vya mwaka wa nne na kazi ya kuachana na mfumo. Mara nyingi mfadhili hujitolea kulipia mwaka wa kwanza, na chama hufurahi kwamba kimepewa mfumo bure. Kumbe kimepewa deni la Sh. 72,780,000 kwa mwaka. Msaada wa namna hiyo ukubaliwe baada ya Mkutano Mkuu kupitisha fungu la miaka minne inayofuata, si kabla.

9. Mfumo usio na ada ya leseni

Mjumbe mwangalifu atauliza: je, haipo mifumo isiyolipiwa leseni? Ipo. ERPNext, uliotokea India, na toleo moja la Odoo, uliotokea Ubelgiji, hutumika bila ada ya leseni. Inafaa makisio yafanywe kwa mfumo kama huo pia, kwa mafungu yale yale.

Leseni inakuwa sifuri, lakini chama lazima kikodi seva na kulipia nakala za akiba, tuseme Sh. 30,000,000 kwa miaka mitano. Washauri huhitaji siku zaidi, kwa kuwa mambo mengi hupangwa kwa mkono, na fungu lao ni Sh. 121,250,000, na akiba ya dharura yake Sh. 24,250,000. Vifaa, mafunzo, vitabu viwili na kuachana na mfumo hubaki vile vile: Sh. 162,400,000. Msimamizi mwenye ujuzi zaidi pamoja na mkataba wa msaada ni Sh. 172,000,000. Kuhamia toleo jipya mara mbili katika miaka mitano ni Sh. 20,000,000. Jumla ni Sh. 529,900,000.

Tofauti kati ya mfumo wa kulipia na usio wa kulipia ni Sh. 8,400,000, ambayo haifiki hata asilimia 2. Makisio yenyewe hayana usahihi wa kiasi hicho. Kwa hiyo mfumo usiolipiwa leseni si wa bure. Fedha imehama tu kutoka mkono wa muuzaji kwenda mkono wa mtaalamu.

Kwa sababu hiyo uamuzi hautoki katika jumla, bali katika mambo mawili yaliyo nyuma yake. La kwanza ni ongezeko la watumiaji. Chama kikitaka kuongeza watu 10, mfumo wa kulipia huongeza Sh. 9,360,000 kila mwaka, na usiolipiwa hauongezi ada yoyote ya leseni. Chama kinachotarajia kupanuka kina sababu ya kuuelekea wa pili. Jambo la pili ni hatari. Katika mfumo wa kwanza hatari kubwa ni kupanda kwa dola na bei. Katika wa pili, hatari kubwa ni mtu mmoja: msimamizi akipata kazi mjini, ujuzi wote huondoka naye. Chama kilicho mbali na mji, penye mafundi wachache, kitazame hatari hiyo kabla ya kutazama bei.

Ipo na njia ya tatu, nayo ni kupunguza kazi yenyewe. Si lazima mafungu yote yaanze pamoja. Chama huweza kuanza na mapokezi ya mazao, malipo ya wakulima na leja, katika vyama vitano vya msingi, kwa msimu mmoja. Siku zilizotumika zikilinganishwa na zilizokisiwa, chama hupata kipimo chake chenyewe cha vyama 15 vilivyobaki. Nchini Tanzania iulizwe pia ni kazi zipi ambazo tayari zinafanywa katika MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ili kazi moja isilipiwe mara mbili wala kuandikwa mara mbili.

10. Dalili za makisio yasiyoaminika

Katibu anayeletewa makisio huweza kuyatambua mabovu kwa alama chache. Fungu la washauri limeandikwa kwa jumla moja, bila idadi ya siku. Kuhamisha kumbukumbu hakukutajwa, au kumeandikwa kuwa ni juu ya chama bila kukisiwa. Mafunzo yamo katika mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa tatu hauna gharama yoyote isipokuwa leseni. Hakuna fungu la kuachana na mfumo. Makisio yenye alama mbili au tatu kati ya hizi yarudishwe kwa aliyeyaandika, yakamilishwe kabla ya kujadiliwa.

Mkataba ukishatiwa sahihi, karatasi ya makisio isifungiwe kabatini. Kila robo ya mwaka mhasibu aandike mbele ya kila fungu fedha iliyotumika kweli. Fungu la washauri likiwa limetumia nusu ya siku zake kabla chama cha msingi hata kimoja hakijapokea mazao kwa mfumo mpya, Bodi iitishwe. Wakati huo bado kuna siku za kuokoa, na bado yapo marekebisho yanayoweza kuachwa.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika chama chenu, ni watu wangapi hasa wangeutumia mfumo, na wangapi kati yao hubadilika kila mwaka?

2. Chukueni daftari la wanachama la chama kimoja cha msingi, mkahesabu majina yenye kasoro katika kurasa kumi. Kwa kipimo hicho, kusafisha daftari zima kungechukua siku ngapi?

3. Kilo zilizokusanywa katika msimu mbaya kuliko yote ya miaka mitano iliyopita zilikuwa ngapi? Gawanyeni gharama ya mwaka ya mfumo wa mfano kwa kilo hizo. Je, wanachama wangekubali makato hayo?

4. Mfadhili amejitolea kulipia mwaka wa kwanza. Andikeni azimio ambalo Mkutano Mkuu ungepaswa kulipitisha kabla ya kuupokea msaada huo.